Njia Tatu za Kukadiria Makusanyo ya Robo Mwaka Ijayo kutoka Ankara Ambazo Hazijalipwa

Mhasibu anapotakiwa kueleza ni fedha kiasi gani zitaingia katika robo mwaka ijayo, kwa kawaida leja ya wadaiwa iko mbele yake na jumla ya ankara zisizolipwa inajulikana. Ugumu hauko kwenye jumla hiyo. Uko kwenye kuigawa: sehemu ipi itaingia mwezi wa kwanza, ipi wa pili, ipi wa tatu, na ipi itavuka mpaka wa robo bila kulipwa. Zipo njia tatu za kuigawa ambazo hutumika sana. Ya kwanza huzipanga ankara kwa umri wa deni na kulipatia kila kundi asilimia yake ya makusanyo. Ya pili humkadiria kila mteja kwa mazoea yake ya kulipa. Ya tatu huipitia ankara moja moja pamoja na mtu anayefuatilia madeni, na kumuuliza anajua nini kuihusu.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima njia hizi kwa maswali manne. Je, inahitaji kumbukumbu gani, na kazi kiasi gani kila mwezi? Je, inapatia jumla ya robo tu, au inapatia na mwezi ambao fedha zitaingia? Inapokosea, hukosea kwa namna gani, na kosa hilo linaonekanaje mapema? Mwisho, inamfaa nani?

Swali la pili ndilo ninalolipa uzito zaidi. Mishahara, kodi na wauzaji wa malighafi hawalipwi kwa jumla ya robo mwaka, hulipwa kwa tarehe. Kadirio linaloipatia jumla na kukosea mwezi linaweza kuiacha kampuni bila fedha katikati ya kipindi ambacho kwenye karatasi kinaonekana salama.

Mfano tutakaoutumia

Tuchukue kampuni inayouza kwa mkopo, ambayo siku ya mwisho ya robo ilikuwa na ankara zisizolipwa za jumla ya 200. Vipimo ni vya mamilioni, na sarafu haina umuhimu hapa. Kati ya hizo, 110 muda wake wa kulipwa haujafika, 50 zimechelewa siku 1 hadi 30, 20 zimechelewa siku 31 hadi 60, 8 zimechelewa siku 61 hadi 90, na 12 zimepita siku 90. Ndani ya ile 110 kuna ankara moja ya 40 ya mteja mmoja mkubwa. Ndani ya ile 20 kuna ankara ya 9 ambayo mteja wake analalamika kwamba mzigo ulifika pungufu.

Kabla ya njia yoyote, leja isafishwe. Malipo yaliyoingia benki lakini hayajaunganishwa na ankara zake huzifanya ankara zilizokwisha kulipwa zionekane bado wazi, na ukizikadiria tena utakuwa umezihesabu fedha zile zile mara mbili. Vivyo hivyo kwa mapunguzo ambayo mteja amekubaliwa lakini hayajaandikwa, na kwa kodi ya zuio pale ambapo mteja huikata kabla ya kulipa: sehemu hiyo ya ankara haitafika benki hata mteja akilipa siku hiyo hiyo.

Njia ya kwanza: umri wa deni

Inavyofanya kazi ni rahisi. Unarudi nyuma vipindi kadhaa, unaangalia kila kundi la umri lilivyokuwa mwanzoni mwa robo, kisha unahesabu ni asilimia ngapi yake iliingia katika mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Asilimia hizo ndizo unazozipachika kwenye leja ya leo. Tuseme katika kampuni yetu historia imeonyesha kwamba ankara ambazo muda wake haujafika huingia asilimia 45, 35 na 12 kwa mfuatano wa miezi. Zilizochelewa siku 1 hadi 30 huingia 50, 25 na 10. Zilizochelewa 31 hadi 60 huingia 30, 20 na 10. Kundi linalofuata 20, 10 na 10. Na zilizopita siku 90 huingia 5 tu kila mwezi. Ukizidisha na kujumlisha, unapata 82.7 mwezi wa kwanza, 56.4 wa pili na 21.6 wa tatu, yaani 160.7 kwa robo nzima.

Kumbukumbu inazohitaji ni chache, lakini lazima ziwe za namna fulani: leja kama ilivyokuwa tarehe husika, si leja ya leo iliyochujwa. Mifumo mingi ya uhasibu hutoa ripoti ya umri wa madeni kwa tarehe iliyopita, na hiyo ndiyo ya kutumia. Asilimia zikishapatikana, kazi ya kila mwezi haizidi saa chache.

Nguvu ya njia hii iko kwenye wingi. Wateja wakiwa mia tatu na hakuna mmoja anayezidi sehemu ndogo ya leja, wanaochelewa hufidiwa na wanaowahi, na asilimia hubaki karibu pale pale robo baada ya robo. Udhaifu wake ni kwamba haijui nani anadaiwa. Ile ankara ya 40 imegawanywa kana kwamba ni ankara mia moja ndogo: 18 mwezi wa kwanza, 14 wa pili, 4.8 wa tatu. Ankara moja hailipwi hivyo. Asilimia zile zilitokana na vipindi ambavyo mteja huyu alikuwa mdogo, kwa hiyo zinaeleza kampuni ambayo leo haipo tena.

Dalili ya kosa hili huonekana unapolinganisha makusanyo halisi na kadirio mwezi kwa mwezi. Ukiona mwezi mmoja umepungukiwa sana na unaofuata umezidi kwa kiasi kinachokaribiana, asilimia si mbaya. Kuna ankara chache kubwa zinazoyumbisha hesabu. Ukiona upungufu wa aina moja kila mwezi, hapo wateja kwa ujumla wameanza kuchelewa zaidi, na asilimia zinahitaji kuhesabiwa upya kwa vipindi vya karibuni.

Inamfaa mwenye wateja wengi wadogo, anayehitaji jumla ya robo kwa ajili ya bajeti au benki, na asiye na mtu wa kukaa na leja kila juma.

Njia ya pili: mazoea ya kila mteja

Hapa unaacha makundi na kumtazama mteja. Kwa kila ankara aliyowahi kulipa unahesabu siku kati ya tarehe ya mwisho ya kulipa na tarehe fedha zilipoingia. Kisha unachukua tabia hiyo na kuipeleka kwenye ankara zake za sasa. Wastani uwe wa uzito wa thamani, kwa sababu ankara ndogo zilizolipwa haraka hupendezesha picha bila kuleta fedha. Kama siku za kuchelewa ziko safu ya C na kiasi kiko safu ya D, fomula ni hii:

```
=SUMPRODUCT(C2:C21,D2:D21)/SUM(D2:D21)
```

Lakini wastani ni mwanzo tu. Mteja wetu mkubwa hutumiwa ankara mara moja kwa mwezi, na zote hufikia muda wa kulipwa tarehe 20. Yeye hulipa tarehe 25 peke yake, siku ambayo idara yake ya fedha huendesha malipo ya mwezi. Ukihesabu kila mwezi kuwa na siku 30, ankara zake za nyuma zimechelewa ama siku 35 ama siku 65. Wastani ni 50, na ukiutumia utaiweka ankara ya 40, inayotakiwa kulipwa tarehe 20 ya mwezi wa kwanza, kwenye tarehe 10 ya mwezi wa tatu, siku ambayo mteja huyu hajawahi kulipa hata mara moja. Ukizipanga ankara zake kwa ukubwa unaona kwamba ndogo ndizo za siku 35 na kubwa ndizo za 65. Ya sasa ni kubwa, hivyo mahali pake ni tarehe 25 ya mwezi wa tatu.

Kwa wateja waliobaki, ili mfano usijae tarakimu, naacha asilimia zile zile. Matokeo yanakuwa 64.7, 42.4 na 56.8, jumla 163.9. Tazama kilichotokea: jumla imesogea kwa 3.2 tu, lakini mwezi wa kwanza umepoteza 18. Mkurugenzi anayeangalia jumla peke yake ataona njia mbili zinakubaliana, na mlipaji wa mishahara ataona pengo. Tena, ile 40 imesimama siku tano kabla ya robo kufungwa. Ikikosa malipo ya tarehe 25, inasubiri mwezi mwingine mzima na jumla ya robo inashuka hadi 123.9. Fedha za namna hiyo naziandika kwenye mstari wake, peke yake, badala ya kuzichanganya na nyingine.

Njia hii inahitaji historia ya kila mteja, angalau ankara kumi na kuendelea kabla tabia haijaanza kuaminika, na kazi ya siku moja au mbili kila mwezi kutegemea idadi ya wateja. Mteja mpya hana tabia, hivyo unamwazima asilimia za kundi hadi ajijengee rekodi yake.

Makosa yake mawili hujificha, nayo ndiyo ninayoyakuta mara nyingi kwenye majedwali ya watu. La kwanza ni kuhesabu tabia kutoka ankara zilizolipwa tu. Mteja aliyelipa ankara tatu kwa kuchelewa siku 10, na ambaye ana mbili nyingine zilizo wazi kwa siku 70 sasa, bado atasomeka kuwa mteja wa siku 10, kwa sababu zile mbili hazina tarehe ya malipo na hivyo hazimo kwenye safu zinazosomwa na fomula. Mteja anayeanza kuyumba ndiye huyu, na jedwali humwonyesha akiwa mzuri hadi siku anapolipa au anapoacha kabisa. Kwa hiyo safu ya ankara za wazi iwekwe kando ya wastani, na pale umri wa ankara za wazi unapouzidi wastani huo, mteja aondolewe kwenye hesabu ya kawaida.

La pili linafanana na hilo. Mteja ana wastani wa siku 12, na ankara yake moja imekwisha kuchelewa siku 40. Jedwali linasema ilipaswa kulipwa siku 28 zilizopita. Kwa kuwa tarehe imepita, mwandaaji huisogeza kwenye juma la kwanza la robo, na baada ya muda juma hilo linajaa fedha za wadeni sugu. Nimewahi kuona kadirio ambalo karibu theluthi ya mwezi wa kwanza ilikuwa imerundikwa siku mbili za mwanzo kwa sababu hiyo tu. Swali sahihi si mteja huyu huchelewa siku ngapi, bali ankara zake zilizowahi kufika siku 40 zilichukua siku ngapi zaidi. Tuseme kati ya ankara zake 20 za nyuma, 15 zililipwa ndani ya siku 12, tatu kati ya siku 13 na 40, na mbili tu zilivuka hapo, moja ikalipwa siku ya 85 na nyingine ya 110. Ankara ya leo iko kwenye njia ya hizo mbili. Ingoje siku 45 hadi 70 zaidi, kwa tahadhari kwamba mifano miwili ni michache, na usiitegemee kwa malipo ya mwezi wa kwanza.

Inamfaa mwenye wateja wachache hadi wa kiasi, ambao baadhi yao ni wakubwa, na ambaye anahitaji kujua mwezi, wakati mwingine hata juma, fedha zitakapoingia.

Njia ya tatu: ankara moja moja na mfuatiliaji wa madeni

Njia hii huanza pale takwimu zinapoishia. Mhasibu anakaa na anayewapigia wateja simu, wanaishusha leja kutoka ankara kubwa kwenda ndogo, na kila moja inapewa tarehe na sababu: imeidhinishwa, inasubiri saini, ina mgogoro, imeahidiwa, au mteja hapatikani.

Katika mfano wetu, mfuatiliaji anajua kwa nini ankara kubwa za mteja mkubwa huchukua siku 65: zikivuka kiwango fulani zinahitaji saini ya mtu wa pili, na saini hiyo hukosa malipo ya mwezi. Takwimu zilionyesha mpangilio, yeye anaeleza chanzo, na akijua chanzo anaweza kupeleka ankara mapema kwa mtu huyo. Anajua pia habari ya ankara ya 9. Njia ya umri iliipa 2.7, 1.8 na 0.9 kwa miezi mitatu. Ukweli ni kwamba mteja hatalipa chochote hadi upungufu wa mzigo ukubaliwe. Punguzo la 2 litaandikwa, na 7 zitalipwa mwezi wa pili. Tukiingiza hilo, kadirio linakuwa 62.0, 47.6 na 55.9, jumla 165.5.

| Njia | Mwezi 1 | Mwezi 2 | Mwezi 3 | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Umri wa deni | 82.7 | 56.4 | 21.6 | 160.7 |
| Mazoea ya mteja | 64.7 | 42.4 | 56.8 | 163.9 |
| Ankara moja moja | 62.0 | 47.6 | 55.9 | 165.5 |

Kumbukumbu inazohitaji haziko kwenye mfumo wa uhasibu, ziko vichwani mwa watu na kwenye barua pepe zao, hivyo hupotea mtu anapohama. Kazi yake ni nzito, na kuipitia leja yote kwa namna hii ni kupoteza muda. Watu wengi huishia kwenye ankara zinazobeba asilimia 70 au 80 ya thamani, ambazo mara nyingi ni chache kwa idadi.

Mara nyingi hukosea kwa upande mmoja: matumaini. Mfuatiliaji huiandika ahadi ya mteja kana kwamba ni malipo, na pia hapendi kuonekana ameshindwa kukusanya. Dawa yake ni kuiwekea kila ahadi rekodi. Kama mteja ameahidi mara kumi na kutimiza kwa tarehe mara sita, ahadi yake ya kulipa 14 ihesabiwe 8.4 mwezi alioutaja, na iliyobaki isogezwe mbele. Upo pia upande wa pili usiozungumzwa sana: mfuatiliaji mwoga huzisukuma ankara mbele ili makusanyo halisi yazidi kadirio kila mara. Ukiona kadirio la mtu linazidiwa robo tatu mfululizo, hiyo nayo ni kasoro, kwa sababu kampuni itakuwa imekopa fedha ambazo haikuzihitaji.

Inamfaa mwenye ankara chache za thamani kubwa, kazi za mikataba na miradi, au leja yenye migogoro mingi ambayo historia haiwezi kuieleza.

Jambo ambalo njia zote tatu hazioni

Kushuka kwa mwezi wa tatu katika njia ya kwanza, kutoka 56.4 hadi 21.6, kusimshtue mtu. Ankara za leo zinaisha, na mauzo yatakayofanyika ndani ya robo yenyewe hayajaingizwa. Kama muda wa mkopo ni siku 30 na wateja huchelewa kama siku 15, ankara zitakazotolewa katika mwezi wa kwanza na nusu ya kwanza ya mwezi wa pili ndizo zitakazoingia kabla ya robo kufungwa. Zinazofuata ni za robo nyingine. Makusanyo hayo yahesabiwe kwenye mstari wake kutoka kadirio la mauzo, kwa sababu uhakika wake ni wa chini kuliko wa ankara ambayo mteja ameshaipokea.

Kuchagua kwa hali

Kama hujawahi kuandaa kadirio la aina hii, na leja yako ina wateja wengi wasiopishana sana kwa ukubwa, anza na umri wa deni. Ujaribu kwanza kwa kuchukua leja ya robo mbili zilizopita kama ilivyokuwa siku ile, kuikadiria bila kuchungulia kilichotokea, na kuilinganisha na benki. Jaribio hilo la siku moja litakuonyesha kama asilimia zako zina maana.

Kama mteja mmoja au wawili wanabeba zaidi ya asilimia 10 ya leja kila mmoja, watoe kwenye makundi na uwakadirie kwa mazoea yao, hata kama wengine wote wanabaki kwenye asilimia. Mchanganyiko huu ndio ninaoutumia mwenyewe mara nyingi, na ndio uliotumika kwenye mfano wa juu.

Kama fedha ni finyu kiasi kwamba kuchelewa kwa ankara moja kutazuia mishahara, njia ya tatu haikwepeki kwa ankara za juu, na ifanywe kila juma badala ya kila mwezi. Hapo ongeza kadirio la pili ambalo ankara zote zilizowekwa katika siku kumi za mwisho za robo zimetolewa nje, na mpango wa malipo ujengwe juu ya hilo la pili.

Kama mfuatiliaji wa madeni ni mpya au ameondoka, usiilazimishe njia ya tatu; rudi kwenye mazoea ya mteja hadi rekodi za ahadi zijengeke tena. Na kama masharti ya mkopo yamebadilishwa hivi karibuni, tuseme kutoka siku 30 hadi 45, asilimia za umri za zamani ziache kwa muda. Siku za kuchelewa baada ya tarehe ya mwisho huwa hazibadiliki sana pamoja na masharti, kwa hiyo njia ya pili itakuvusha kipindi hicho, mradi uhakikishe kwamba tarehe ya mwisho ya kulipa imeandikwa upya kwenye kila ankara iliyotolewa chini ya masharti mapya.